Mteja akisema "sijui nikuulize nini"

Nauza vifaranga. Mteja mpya akiniambia, "Hata sijui nikuulize nini," simjibu "uliza chochote", maana hapo ndipo hunyamaza kabisa. Kwanza nataka kujua ana vifaranga wangapi na wana umri gani.

Juzi kaka mmoja alikuwa na 50 wa siku 3. Nikamwambia, "Basi niulize utajuaje kama wanasikia baridi, au chanjo ya kwanza ya kideri ni lini." Akachagua baridi. Nikamweleza kwamba wakirundikana chini ya taa, joto halitoshi. Wakiikimbia taa na kuhema mdomo wazi, limezidi. Baada ya hapo maswali yalimjia yenyewe.

Nataja mawili tu. Mwenye kuku wa mayai nampa mengine, kwa mfano kwa nini utagaji umeshuka.