Kabla ya somo la saratani ya shingo ya kizazi na ya matiti: anza na kituo cha afya

Kabla hujachora bango kitita wala kuandika malengo ya somo, nenda kwenye kituo kitakachowapokea wanawake baada ya kukusikiliza. Uliza kinatumia kipimo gani cha shingo ya kizazi, kinapima siku zipi, wapimaji ni wangapi, na mwanamke akikutwa na tatizo anapelekwa wapi. Majibu hayo ndiyo yatakayokuambia ufundishe nini. Mipango mingi ya wanafunzi hueleza ugonjwa kwa kirefu kisha humalizia na "nendeni mkapime", na mwanamke hajui aende wapi wala lini.

Tuseme kikundi kina wanawake 24 wanaostahili kupimwa, na kituo kina muuguzi mmoja anayetumia kipimo cha siki. Ukitenga dakika 15 kwa kila mmoja, pamoja na maelezo na kuandika kumbukumbu, hizo ni saa 6 za kazi. Wakifika wote asubuhi moja, wa mwisho watachoka kusubiri na kuondoka, na huenda wasirudi tena. Wagawe wanane wanane kwa siku tatu, na kila mmoja aondoke kwenye somo akiwa na kadi ya miadi mkononi.

Wanaostahili ni nani? Shirika la Afya Duniani linapendekeza kuanza kupima shingo ya kizazi katika umri wa miaka 30, na miaka 25 kwa wanaoishi na VVU. Taja umri wote miwili mbele ya kikundi kizima na usimuulize mtu hali yake hadharani. Kila mmoja atajipima mwenyewe anaingia wapi, na mazungumzo ya faragha yatafanyika kituoni.

Katika shingo ya kizazi, jambo moja likieleweka mengine hufuata: kipimo kinatafuta mabadiliko ambayo bado si saratani, ndiyo maana anayepimwa ni mwanamke asiyeumwa. Eleza kwamba mpimaji hupaka asidi ya siki yenye nguvu ya asilimia 3 hadi 5, husubiri angalau dakika moja, kisha hutazama kama kuna sehemu iliyogeuka nyeupe. Kama kituo kinapima virusi vya HPV, sema wazi kwamba kukutwa na virusi si kukutwa na saratani. Usipolisema hili mapema, jibu hilo humtisha mtu akakimbia matibabu. Waambie pia wasije wakiwa hedhini, na kwa siku mbili kabla waepuke kujamiiana, kujiosha ndani ya uke na kuweka dawa ukeni.

Kwa waliokoma hedhi, kipimo cha siki mara nyingi hakifai, kwa sababu eneo linalotakiwa kuonekana huwa limerudi ndani ya mfereji wa shingo ya kizazi. Hao waulizie kipimo cha HPV. Na yeyote anayetokwa damu baada ya kujamiiana au baada ya kukoma hedhi asisubiri zamu yake ya uchunguzi: anahitaji daktari sasa, hata kama kipimo chake cha mwisho kilikuwa safi.

Matiti yana mantiki nyingine, na hapa ndipo somo huvurugika. Kujipapasa kila mwezi kwa ratiba kumewahi kufanyiwa utafiti mkubwa, na hakukupunguza vifo. Kwa hiyo usikufundishe kama mbadala wa mamogramu au wa kupimwa na mhudumu. Fundisha mwanamke ajue matiti yake yalivyo kawaida, atambue kilichobadilika, na aende mapema: uvimbe kwenye titi au kwapani, ngozi iliyobonyea au kuwa kama ganda la chungwa, chuchu iliyoanza kuingia ndani, au majimaji yenye damu. Sisitiza kwamba uvimbe usiouma nao uchunguzwe, maana wengi husubiri maumivu. Uvimbe mwingi si saratani, ila hilo linathibitishwa kwa vipimo, na lengo ni vikamilike ndani ya siku 60 tangu afike kituoni.

Chagua chumba chenye mlango unaofungwa. Beba kielelezo cha titi chenye vivimbe ndani, na spekulamu safi wanayoweza kuishika. Hofu nyingi hupungua wakishaiona ilivyo. Kwa dakika 60, tumia 10 kwa maswali ya awali, 20 kwa shingo ya kizazi, 15 kwa matiti, na 15 za mwisho kwa maswali yao na kugawa kadi.

Maswali matano ya kabla na baada ya somo yanapima uelewa tu. Baada ya siku ya tatu ya miadi, hesabu kadi zilizofika kituoni; zikiwa 9 kati ya 24, waulize wasiofika kilichowazuia kabla hujabadilisha hata neno moja la somo.