Kabla hujaandika "umaskini" kwenye andiko lako la utafiti

Mwanafunzi mmoja niliyemsimamia alikwenda kujaribu dodoso lake katika kijiji kimoja wilayani Kilosa. Swali la kwanza lilikuwa: "Kipato chako kwa mwezi ni shilingi ngapi?" Mzee aliyeulizwa akamtazama, akasema, "Mwezi upi, mwanangu?" Alikuwa na haki. Ufuta anauza mara moja kwa mwaka, na baada ya hapo ni vibarua, kuku wawili watatu, na hela ya kutumiwa na binti yake aliye mjini.

Kwa hiyo jambo la kuamua kabla ya yote ni umaskini upi unaoupima: upungufu wa pesa, au upungufu wa mambo ambayo kaya inapaswa kuwa nayo. Ofisi ya Taifa ya Takwimu hupima matumizi, haipimi kipato. Katika utafiti wa 2017/18, mstari wa mahitaji ya msingi Tanzania Bara ulikuwa shilingi 49,320 kwa mtu mzima kwa mwezi, na asilimia 26.4 ya watu walikuwa chini yake. Tarakimu hizo zilipatikana kwa kufuatilia matumizi ya kaya kwa kina, huku kazi ya uwandani ikienea mwaka mzima. Wewe una wiki mbili na wasaidizi wawili. Ukiuliza maswali matano ya matumizi kisha ukalinganisha majibu na 49,320, utapata maskini wengi kuliko waliopo, kwa kuwa dodoso fupi husahaulisha watu matumizi madogo madogo.

Kwa andiko dogo mimi hushauri upime upungufu wa pili, wa mambo ambayo kaya inapaswa kuwa nayo. Kipimo cha umaskini wa nyanja nyingi, kilichotolewa na UNDP pamoja na OPHI, kituo cha utafiti cha Chuo Kikuu cha Oxford, mwaka 2010, kina nyanja tatu (afya, elimu na hali ya maisha) na viashiria 10. Kaya huhesabiwa maskini ikipungukiwa theluthi moja au zaidi ya uzito wote. Usivinakili vyote. Kupima lishe kunahitaji mizani na ujuzi, na kumuuliza mama juu ya mtoto aliyefariki ni jambo zito kwa utafiti wa kaya 80.

Tuseme swali lako ni kama kaya zilizomo kwenye VICOBA zina umaskini pungufu kuliko zisizomo. Hapa ndipo wengi huanguka. Wanaweka "kuwa na akiba" kama kiashiria cha umaskini, ilhali kuweka akiba ndiyo kazi ya VICOBA yenyewe. Wanachama wataonekana si maskini hata kama wanalala njaa. Kitu unachokichunguza kama sababu kisirudi kujificha ndani ya kipimo cha matokeo.

Kosa la pili ni kiashiria kisichotofautisha. Kama kaya zote kijijini zinapikia kuni, kuni hazikuambii lolote. Jaribu dodoso kwenye kaya 15 zisizo za sampuli yako; kiashiria ambacho kaya 14 au 15 zinajibu sawasawa, kitoe.

Tuseme umebaki na chakula, elimu na makazi, kila nyanja theluthi moja. Elimu ina viashiria viwili, kila kimoja 1/6. Makazi ina vitatu, kila kimoja 1/9: maji, choo na sakafu. Chukua kaya yenye mtoto wa miaka 11 asiyesoma, na kisima cha dakika 40 kwenda na kurudi, wakati kikomo chako ni 30. Jumla ni 1/6 na 1/9, yaani 0.28, chini ya theluthi, si maskini. Ongeza sakafu ya udongo: 0.39, imekuwa maskini. Sakafu tu imeigeuza. Ndiyo maana uzito na vikomo huandikwa kwenye andiko kabla ya kwenda uwandani. Ukivipanga baada ya kuona majibu, msimamizi makini atakukamata.

Kaya nayo ieleze. Wanaokula chungu kimoja ndiyo fasili ya kawaida, lakini amua mapema kuhusu kijana anayesoma bweni, na mume anayerudi mara moja kwa miezi mitatu. Chakula kiulizwe kwa muda unaotajwa. Kaya ileile ikiulizwa habari za siku saba zilizopita mwezi wa mavuno, na mwingine akaiulize kabla ya mavuno, itatoa majibu mawili ya kweli yasiyofanana. Wahoji wote waende kipindi kimoja.

Sakafu, mwambie mhoji aitazame mwenyewe. Na akikuta mkeka umetandikwa, aombe ruhusa ya kuinua pembe yake. Mwanafunzi wangu alijaza "saruji" kwenye nyumba tatu kwa sababu ya mikeka.