Dripu ya dopamini: kata vipimo kwanza, namba baadaye

Ukiambiwa mgonjwa wa kilo 60 apewe dopamini mikrogramu 5 kwa kila kilo kwa dakika, na mfuko una miligramu 400 ndani ya mililita 250, usikimbilie kikokotoo. Andika mnyororo mzima pamoja na vipimo vyake:

```
5 mcg/(kg·min) × 60 kg × 60 min/h × 1 mg/1000 mcg × 250 ml/400 mg
```

Sasa kata kwa kalamu: kg na kg, min na min, mcg na mcg, mg na mg. Kinachobaki ni ml/h, ndicho pampu inachotaka. Hapo ndipo upige hesabu: 11.25 ml/h.

Kosa ninaloliona mara nyingi ni kugeuza sehemu ya mwisho, 400 mg/250 ml. Inatoka 28.8, namba isiyoshtua hata kidogo, kumbe ni zaidi ya mara mbili na nusu ya dozi. Ila vipimo vinakataa: mg hazikatiki, zinabaki mg mbili juu na ml iko chini. Ukiona hivyo, pindua sehemu hiyo.

Uzito uliopimwa vibaya, lakini, mnyororo hauwezi kuugundua.