Kabla hujawasha osiloskopu: maandalizi ya zoezi la RLC

Wiki ijayo wanafunzi ninaowasimamia hapa Arusha wanaingia maabara kupima mwitikio wa mpito wa saketi ya RLC ya mfuatano. Zoezi hili likiharibika, mara nyingi limeharibika kabla swichi haijaguswa: mwanafunzi amekuja na R moja tu, ile iliyoandikwa kwenye rezista yake.

Anza na karatasi. Sheria ya Kirchhoff ya volteji inakupa mlinganyo bainifu:

```
s² + (R/L)s + 1/(LC) = 0
s = -α ± √(α² - ω₀²),   α = R/(2L),   ω₀ = 1/√(LC)
```

α ikizidi ω₀, mizizi yote miwili ni halisi: ufifishaji umezidi, na volteji ya kapasita inapanda taratibu bila kuvuka kiwango chake. α ikiwa ndogo kuliko ω₀, mizizi ni changamano: ufifishaji ni hafifu, volteji inapitiliza, inarudi, inayumba mpaka itulie. Zikilingana, mizizi ni mmoja uliojirudia, na huo ndio ufifishaji wa kikomo, unaopatikana R inapokuwa 2√(L/C). Kwa koili ya 10 mH na kapasita ya 100 nF (ile yenye alama 104), R ya kikomo ni 632 Ω, na myumbo mmoja huchukua karibu 200 µs.

Sasa pima koili kwa multimita kabla hujaiunga. Tuseme umepata 30 Ω. Jenereta ya mawimbi nayo ina ukinzani wake wa ndani, kwa kawaida 50 Ω, na umeme unaupitia kama unavyopitia rezista yako. Kwa hiyo hata ukiondoa rezista kabisa, R ya saketi ni 80 Ω. Tofauti yake inaonekana wazi. Aliyehesabu koili peke yake atatarajia kilele cha kwanza kivuke kiwango cha mwisho kwa asilimia 86. Kioo kitamwonyesha takriban 67. Nimeona watu wakibadilisha kapasita tatu mfululizo wakitafuta kosa ambalo halimo kwenye kapasita. Ukipata pungufu kidogo hata ya 67, jua kwamba kiini cha koili nacho hupoteza nishati katika masafa hayo, na multimita haiwezi kukuonyesha hilo.

Kwa sababu hiyo hiyo, ukitaka kikomo usiweke rezista ya kurekebisha kwenye 632. Toa 80, uweke 552.

Na hapa ndipo ningependa utulie zaidi. Wengi huzungusha rezista huku wakitazama kioo, na kuvuka kukipotea machoni wanaandika "kikomo". Jicho linadanganya hapo. R ya jumla ikiwa 506 Ω, yaani asilimia 80 tu ya kikomo, volteji inavuka kwa asilimia 1.5 peke yake. Kwa hatua ya 4 V hiyo ni milivolti 60, unene wa mstari tu ukiwa kwenye 1 V kwa kila mraba. Ripoti inatoka na 500 na mwanafunzi anailaumu fomula. Shusha kipimo kiwe milivolti 50 kwa mraba, sogeza mstari mpaka sehemu ya juu ionekane, ndipo utafute palipobaki kuvuka. Hata hivyo karibu kabisa na kikomo kuvuka ni kudogo mno kuonekana, kwa hiyo thamani ya hesabu ndiyo ya kutegemea, na kioo kikuthibitishie.

Chagua pia masafa ya wimbi la mraba mapema. Kwa 80 Ω, α ni 4000 kwa sekunde, hivyo myumbo hufifia kwa kipimo cha muda cha 0.25 ms na huhitaji mara tano ya hapo kutulia, yaani 1.25 ms. Kila nusu ya wimbi lazima iwe ndefu kuliko hiyo. Hz 200 inakupa 2.5 ms, inatosha. Ukiweka 2 kHz, hatua mpya inaingia saketi ikiwa bado inayumba, na kilele unachopima si cha kuanzia sifuri.

La mwisho ni mpangilio wa vifaa. Klipu ya gnd ya osiloskopu na upande wa gnd wa jenereta kwa kawaida vimeungana kupitia waya wa ardhi wa plagi. Weka kapasita mwisho wa mfuatano, mguu wake mmoja kwenye gnd. Ukibana klipu katikati ya koili na kapasita, umeifupisha kapasita bila kujua na kioo kitaonyesha saketi nyingine kabisa. Ukitaka volteji ya rezista, badilisha nafasi yake na ya kapasita. Usikate pini ya ardhi ya plagi ili "itulie", hata mwenzako akikuambia inafanya kazi: pini hiyo ndiyo inayokulinda kifaa kikivuja.