Shilingi moja iliyozidi kwenye mgao wa kahawa

Kikundi chetu huku Mbozi kiligawana ziada ya 500,000 kwa kilo alizoleta kila mtu: 135, 212, 93 na 260, jumla kilo 700. Nikabandika karatasi ukutani. Mzee mmoja akatoa kikokotoo chake, akajumlisha mistari yote minne, akapata 500,001. "Mwanangu, hii shilingi umeitoa wapi?"

Kosa lilikuwa kuficha desimali kwa mwonekano wa seli tu. Eksel huonyesha 96,429 huku ndani ikibaki na 96,428.571, na jumla inafuata ya ndani. Ukitumia ROUND, jumla nayo inakuwa 500,001, na fedha iliyopo ni 500,000.

Hatua ya 1. Majina safu A, kilo safu B. Fedha ya kugawa H1, na H2 weka `=SUM(B2:B5)`.

Hatua ya 2. Mpe kila mtu shilingi nzima tu, baki iandike pembeni.

```
C2: =QUOTIENT(B2*$H$1,$H$2)
D2: =MOD(B2*$H$1,$H$2)
H3: =H1-SUM(C2:C5)
```

Nakili C2 na D2 hadi mstari wa 5. Safu C inatoa 96,428, 151,428, 66,428 na 185,714, jumla 499,998. Kwa hiyo H3 inasoma 2: shilingi mbili hazijapata mwenyewe.

Hatua ya 3. Hapa ndipo nilipokesha. Shilingi hizo wanapewa wenye baki kubwa, mmoja mmoja. Baki zetu ni 400, 400, 400 na 200. Nilitumia RANK peke yake, ikawapa watatu wote nafasi ya kwanza, kila mmoja akaongezewa, na ile 500,001 ikarudi! Dawa ni kuhesabu waliotangulia wenye baki hiyo hiyo:

```
E2: =RANK(D2,D$2:D$5)+COUNTIF(D$2:D2,D2)-1
F2: =C2+IF(E2<=$H$3,1,0)
```

Hizi nazo nakili hadi mstari wa 5. Sasa nafasi ni 1, 2, 3 na 4, na mgao ni 96,429, 151,429, 66,428 na 185,714. Usitafute baki kwa kutoa desimali, maana kompyuta huzihifadhi kwa kukaribia tu, na baki mbili zilizo sawa zinaweza kupishana mkiani. Kama mizani yenu inasoma nusu kilo, zidisha kilo zote kwa 2 kwanza. Wanaolingana hupangwa kwa mstari waliopo, kwa hiyo panga orodha kwa namba ya uanachama, na kikao kikubali hivyo kabla ya malipo. Wapo wanaombebesha tofauti yote mtu wa mwisho. Mimi sikubali: kwenye orodha ya watu 180 inaweza kufika makumi ya shilingi, na wa mwisho atauliza kwa nini yeye.

Hatua ya 4. Andika `=SUM(F2:F5)=H1`. Isiposoma TRUE, usichapishe.

Njia hii ni ya kugawa fedha iliyokwisha kujulikana. Kwenye ankara, raundi kila mstari kwanza, halafu jumla itokane na mistari hiyo.