Mishororo au Aya? Namna ya Kuamua Umbo la Shairi Lako

Mwongozo huu ni wa mtu ambaye tayari ana rasimu ya shairi huru, ameikata mishororo, na bado anahisi kuna kitu kinakwama. Pengine umbo ndilo lenye tatizo. Huenda shairi hilo linataka kuandikwa kwa aya moja, yaani liwe shairi la nathari: maneno yanakwenda hadi pambizoni kama barua au hadithi, lakini bado yamebanwa, yana sauti na taswira, na hayadaiwi kisa chenye mwanzo na mwisho.

Tuondoe kwanza mashairi ya vina na mizani. Mara nyingi utasikia ushauri kwamba jambo la kusimulia liandikwe kwa nathari. Ushauri huo haujitoshelezi, maana utenzi husimulia vita nzima kwa mishororo ya mizani 8, na msikilizaji hachoki. Anayembeba pale ni hesabu ya mizani pamoja na kile kina cha mwisho kinachorudi kila ubeti. Katika shairi huru vyote hivyo havipo. Kinachoufanya mshororo uwe mshororo ni mahali ulipoukata, basi. Mkato usipofanya kazi, huna mshororo. Una sentensi iliyopangwa kwa kushuka.

Hatua ya kwanza: unganisha kila kitu

Nakili rasimu yako, futa mikato yote, weka alama za uakifishaji zinazohitajika, usibadilishe neno lolote. Kisha mpe mtu ambaye hajawahi kuiona ile ya mishororo aisome aya hiyo kwa sauti. Wewe shika ile ya mishororo na uweke alama kila anapopumua au kusita.

Akisita palepale ulipokata, maana yake sentensi yenyewe ilikuwa tayari inafanya kazi hiyo, na mkato ulikuwa unarudia kazi ya koma. Akipita bila kusita mahali ulipokata, na maana ikabaki ileile, mkato huo ulikuwa wa mapambo. Unayotafuta ni mahali pa aina ya tatu: pale ambapo msomaji alipita na wewe ukaona wazi kwamba kuna kitu kimepotea. Hapo pazungushie duara.

Hatua ya pili: chunguza yale maduara

Kuna mikato ambayo aya haiwezi kuifidia. Wa kwanza ni mshata, yaani mshororo ambao maana yake haijakamilika, hasa ule unaomfanya msomaji aamini jambo kwa nukta moja kisha anyang'anywe:

Nimekusamehe
mchana tu.

Kwa kitambo kifupi kati ya mishororo hiyo miwili msamaha ni kamili. Andika "Nimekusamehe mchana tu" na kitambo hicho hakipo, imebaki taarifa. Unaweza kuongeza "lakini", unaweza kuweka nukta katikati, hutaipata tena ile imani iliyodumu kwa upana wa pumzi.

Wa pili ni ukimya wenye kazi:

Simu imelia.
Si wewe.
Nimeiweka mezani
kifudifudi.

Ukiyaunganisha haya yanakuwa kama ujumbe mfupi wa kulalamika. Kusubiri ndiko habari yenyewe ya shairi hili, na kusubiri huko kumekaa kwenye nafasi nyeupe baada ya "imelia". Shairi la namna hii liache na mishororo yake, usihangaike na hatua zinazofuata.

Lakini uwe mkali na maduara yako. Kiswahili kinatudanganya hapa. Kitenzi kimoja kinabeba mtendaji, wakati na hata mtendwa, kwa hiyo neno moja lililoachwa peke yake kwenye mshororo, "nilikungoja", "wameondoka", linaonekana zito bila jasho lolote. Uzito huo ni wa sarufi, si wa shairi. Jiulize kama neno hilo lingestahili kusimama peke yake endapo lingekuwa jina la kitu cha kawaida.

Hatua ya tatu: fuata vitenzi

Hapa ndipo ninapokaa muda mrefu zaidi, na ndipo uamuzi hutoka mara nyingi. Chukua rasimu hii niliyoiandika kwa ajili ya mwongozo huu:

Alitoka kwenda kuzima taa ya nje
akasahau taa
akakumbuka kopo la rangi
akalitafuta chini ya ngazi
akapata kiatu kimoja
cha mtoto
akakaa
kiatu mapajani
taa
ikiendelea kuwaka.

Kwa kutazama tu, inaonekana shairi. Lakini angalia kile kiambishi -ka-: akasahau, akakumbuka, akalitafuta, akapata, akakaa. Kazi ya -ka- ni kusukuma. Inamwambia msomaji kwamba tendo moja limezaa jingine na safari inaendelea. Mkato nao kazi yake ni kuzuia. Ukiviweka pamoja kila mstari, kimoja kinasukuma na kingine kinavuta breki, na ndiyo maana rasimu inasomeka kwa kukwaruza ingawa kila mshororo peke yake hauna kosa.

Tena tazama mikato miwili ninayoitilia shaka kuliko yote. "Cha mtoto" kimekatwa ili kushtua. Msomaji mzoefu anaona mkono wa mwandishi ukivuta pazia. Na "taa" peke yake karibu na mwisho inaomba heshima ambayo bado haijaifanyia kazi.

Sasa unganisha:

*Alitoka kwenda kuzima taa ya nje, akasahau taa, akakumbuka kopo la rangi, akalitafuta chini ya ngazi, akapata kiatu kimoja cha mtoto, akakaa, kiatu mapajani, taa ikiendelea kuwaka.*

Kitu kimoja kimepona papo hapo. Kiatu kimekuwa kitu miongoni mwa vitu, kimefika kwa mwendo uleule wa kopo la rangi, na msomaji anajikwaa nacho kama alivyojikwaa nacho mhusika, bila kuonywa. Sahau ya mtu huyu nayo sasa inaonekana kwa umbo: tendo moja linafunika jingine ndani ya sentensi moja isiyopata pa kupumzika. Umbo limeanza kufanya kile ambacho maneno yanakisema, na hiyo ndiyo sababu ya kuchagua aya. "Inasomeka vizuri zaidi" ni sababu dhaifu. Karibu kila kitu husomeka kwa urahisi zaidi kikiwa aya.

Kinyume chake, rasimu yenye majina matupu bila vitenzi, vitu vilivyowekwa kimoja baada ya kingine na pengo kati yao, kwa kawaida hufa ndani ya aya. Inageuka orodha ya manunuzi.

Hatua ya nne: lipa deni la aya

Wengi huishia pale juu, wanafuta mikato na kusema wamepata shairi la nathari. Bado. Aya yetu ni nyembamba. Inasomeka kama muhtasari wa kisa ambacho kiko mahali pengine. Mishororo ilikuwa inaficha upungufu huo kwa nafasi nyeupe. Ukiondoa nafasi hiyo, sentensi lazima ilete kitu badala yake.

Mshairi Mfaransa Baudelaire aliwahi kuandika jambo moja kwa njia zote mbili, na kulinganisha kunafundisha. "Mwaliko wa Safari" lililoingia kitabuni mwaka 1857 ni beti tatu zenye kibwagizo kinachorudi kila baada ya ubeti, fupi, linalobembeleza. Toleo lake la nathari, lililokusanywa kitabuni mwaka 1869 baada ya kifo chake, ni refu zaidi, na ndani yake mnaingia vitu ambavyo beti hazikuvipokea: mapishi, maelezo, hoja, maswali. Hakutafsiri wimbo kuwa aya. Aliiuliza aya inaweza kula nini.

Kwa hiyo rudi kwenye rasimu na uilishe. Ongeza vitu vya kawaida kabla ya kile kizito, ili kizito kipate pa kujificha. Ongeza kishazi kirefu mahali pamoja, ili mwendo usiwe wa hatua zilizolingana. Na uangalie mwisho:

*Alitoka kwenda kuzima taa ya nje, akasahau taa, akakumbuka kopo la rangi ambalo kila mwaka husema atalimalizia kwenye lango, akalitafuta chini ya ngazi, akapata msumeno, akapata nyundo, akapata kiatu kimoja cha mtoto ambacho kamba zake bado zilikuwa zimefungwa, akakaa nacho mapajani akizifungua, akazifunga, akazifungua tena, na mtu ndani akauliza mbona taa ya nje bado inawaka, akajibu anaizima.*

Msumeno na nyundo havina maana yoyote ya siri. Vipo ili kiatu kiwe cha tatu. "Akapata" mara tatu ni takriri ambayo kwenye mishororo ingejitangaza kwa kupangwa wima, lakini ndani ya aya inafanya kazi chinichini. Mwisho nimeutoa kwenye taa inayowaka kimya nikauweka kwenye jibu la uongo mdogo, kwa sababu aya ikiishia na taswira iliyotulia hunuka shairi lililokatwa mkia. Hatari ya upande wa pili ipo pia: kumalizia kwa kichekesho au kifumbo kinachofumbuliwa. Ukiona sentensi ya mwisho ndiyo pekee inayokumbukwa, umeandika kichekesho chenye utangulizi.

Na kama ukiilisha ikaanza kudai jina la mhusika, sababu ya kifo na nini kilitokea kesho yake, iache iende. Hiyo ni hadithi fupi.

Hatua ya tano: jaribu ukingo

Andika aya yako kwenye ukurasa mpana, kisha punguza upana hadi nusu, kisha ifungue kwenye simu. Kila mara mistari itakatika mahali pengine. Isome kila inapobadilika. Ukijikuta unaongeza maneno ili neno fulani liangukie mwisho wa mstari, bado unataka mishororo, na afadhali ukubali sasa. Shairi la nathari halijali mstari unaishia wapi.

Ikipita jaribio hilo, panga maandishi yanyooke pande zote mbili, kushoto na kulia, ili mpangaji wa kurasa asidhani kingo za kulia zilizochongoka ni za makusudi. Unapompelekea mhariri, mwandikie waziwazi kwamba hili ni shairi la nathari na lisikatwe mistari. Wako wahariri ambao wakikuta aya kwenye ukurasa wa mashairi huona kosa la uchapaji, na kwa nia njema kabisa hukurudishia mishororo uliyoihangaikia kuiondoa.