Kundi moja lina mgodi, maduka na benki: liingie msimbo gani?

Kampuni ya Wesfarmers ya Australia iliponunua supamaketi za Coles mwaka 2007, tayari ilikuwa na machimbo ya makaa ya mawe na biashara ya bima. Ukikabidhiwa faili la kampuni ya namna hiyo, na fomu ina kisanduku kimoja tu cha shughuli kuu, uandike nini? Kazi yangu ni kuingiza kampuni kwenye rejista ya biashara, na njia ninayoifuata ni ya ISIC toleo la 4, mfumo wa Umoja wa Mataifa wa kuainisha shughuli za kiuchumi.

Hatua ya 1: Jua ni nani hasa unayempa msimbo

Kabla ya kushika kikokotoo, uliza kama mgodi, maduka na benki vimesajiliwa kila kimoja peke yake na vina hesabu zake. Kama ndivyo, kila kampuni tanzu ipate msimbo wake. Benki karibu kila mara itakuwa peke yake kwa sababu ya leseni.

Hapo inabaki kampuni mama, na ndipo wengi wanapokosea kwa kuipa msimbo wa mgodi kwa kuwa mgodi ndio unaojulikana. Kama inashika hisa tu bila kuendesha chochote, ni 6420. Kama inapanga mikakati, inasimamia na kuamulia kampuni tanzu mambo ya kila siku, ni 7010. Mimi huomba orodha ya wafanyakazi: mhasibu na katibu peke yao wanaonyesha jambo moja, na idara nzima za manunuzi, ajira na mipango zinaonyesha jingine.

Hatua ya 2: Pima ongezeko la thamani, usipime mauzo

Hatua hii ni ya pale ambapo shughuli zote ziko ndani ya kampuni moja, au umeagizwa kulipatia kundi zima msimbo mmoja. Chukua mauzo, toa bidhaa na huduma zilizonunuliwa kutoka nje. Usitoe mishahara, uchakavu wala kodi ya mapato, kwa sababu hivyo ni sehemu ya thamani yenyewe.

Tuchukue kundi la mfano, hesabu zikiwa katika mabilioni ya shilingi. Maduka yameuza 600, lakini bidhaa za rafuni zimegharimu 510, na umeme, usafiri na pango 30. Linabaki 60. Mgodi wa dhahabu umeuza 100 na kutumia 42 kwa mafuta, kemikali na wakandarasi, linabaki 58. Machimbo ya mawe yameuza 80, yametumia 33, linabaki 47.

Benki ina utaratibu wake. Riba iliyopokea si mauzo. Toa kwanza riba iliyowalipa wenye akiba: 90 kutoa 40 ni 50. Ongeza ada za huduma 10, toa manunuzi 15, unapata 45.

Ukiangalia mauzo, maduka yamewaacha wenzao mbali sana. Nilipoanza kazi hii niliwahi kuifuata hesabu hiyo ya mauzo, na uzalishaji wa mgodi mzima ukahesabiwa kama biashara ya rejareja. Tuligundua pale jedwali la madini lilipoporomoka mwaka ambao hakuna mgodi uliofungwa.

Hatua ya 3: Shuka kutoka juu

Usikimbilie msimbo wa tarakimu nne wenye namba kubwa kuliko yote. Ukifanya hivyo hapa, supamaketi (4711) zitashinda kwa 60. Anza na herufi, ambazo ndizo sehemu kuu za ISIC: B, uchimbaji, ina 58 na 47, jumla 105. G, biashara, ina 60. K, fedha, ina 45. B imeshinda, kwa hiyo G na K zimetoka. Sasa ndani ya B peke yake linganisha: 07, madini ya metali, ina 58, 08 ina 47. Shuka ndani ya 07 hadi 0729, ambamo dhahabu imo. Huo ndio msimbo.

Angalia pia biashara ya ndani kwa ndani. Mgodi ukinunua vyakula vya kambi kutoka maduka ya kundi hilohilo, hesabu za kundi zima zilizounganishwa zitakuwa zimeyafuta mauzo hayo, nawe unahitaji kuyaona. Omba hesabu za kila kitengo.

Hatua ya 4: Usibadilishe kwa haraka

Bei ya dhahabu ikishuka, mwaka ujao maduka yanaweza kuupita uchimbaji. ISIC inashauri shughuli mpya iwe imeongoza kwa miaka 2 kabla ya kubadilisha msimbo, isije kampuni ikawa inarukaruka kati ya majedwali. Uuzaji wa kitengo ni habari nyingine: Wesfarmers iliuza bima 2014, na mwaka 2018 ikaitenga Coles na kuuza makaa. Mambo kama hayo yakitokea, fungua faili na urudie hesabu kuanzia hatua ya 1. Ndani ya faili mimi huacha ongezeko la thamani la B, G na K kwa kila mwaka, pamoja na karatasi nilizozitumia, ili atakayenifuata aone nilipitia wapi.